Mistari Minne ya Kaburi la Cucu Virginia

Dagoretti,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Guka Jamleck,

Natumaini baridi ya Njabini haijarudi kifuani mwako kama ilivyofanya Krismasi. Huku kwetu tu wazima. Miguu ya Mama inavimba jioni, lakini bado anaenda kazini. Ng'ombe wa Mjomba Wachira amezaa, na ndama anatorokea kwa jirani kila siku. Matokeo ya mtihani yalitoka. Nimepata B, ila Kiswahili nimepata A. Mjomba alitangaza kanisani nikajificha nyuma ya kwaya.

Hiyo A ndiyo iliyoniletea shida. Familia imekaa ikaamua kwamba mwaka ukiisha tangu Cucu, dada yako, atuache, yaani mwisho wa Agosti, jiwe liwe limewekwa kaburini hapa shambani. Mjomba akasema, "Jiwe bila shairi ni kama chai bila majani. Waringa ataandika." Hakuna aliyeniuliza. Unanijua, Guka. Siwezi kuongea mbele ya watu watano, na sasa natakiwa kuongea juu ya jiwe na watu ambao hawajazaliwa.

Nimeandika hivi:

*Amelala Virginia, mja mwema wa sokoni,*
*Kazi aliipania, hakuchoka maishani,*
*Wema alikusudia, kwa jirani na mgeni,*
*Sasa ametangulia, apumzike mbinguni.*

Nimehesabu mizani kwa vidole: nane kabla ya kituo, nane baada yake. Kina cha kati ni -ia kwa sababu ya jina lake, na cha mwisho ni -ni. Wewe ulipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji miaka mingi, na mashairi yako yalikuwa yakitoka katika gazeti la dayosisi. Nisahihishe. Tena uniambie, Cucu alikuwaje mlipokuwa watoto? Wewe ndiye ndugu yake pekee aliyebaki.

Simu uliyonunuliwa na Mama najua bado iko sandukuni, kwa hiyo natuma barua hii kwa gari la viazi.

Mjukuu wako,
Waringa

—

Njabini,
2 Machi 2025

Mjukuu wangu Waringa,

Kifua kimetulia. Viazi vimekubali mwaka huu na fuko wamekubali pia, tunagawana. Hongera kwa A. Hongera kwa B vilevile, usiionee haya, ilikuja kwa miguu yake.

Simu ina herufi ndogo kama chawa. Endelea na karatasi.

Sasa kazi. Mistari ya mizani kumi na sita haitaenea kwenye jiwe la kaburi, labda uandike kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Mwambie fundi aukate kila mstari pale kwenye kituo. Utapata mistari minane mifupi, na vina vyako vyote vitasimama ukingoni ambako jicho litaviona. Mimi vina huviona, kama ujuavyo. Sijavisikia tangu nikiwa na miaka saba. Herufi isiwe fupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Jina liwe peke yake juu. Fundi asiguse jiwe kabla ya kukuonyesha karatasi, nawe isome kutoka herufi ya mwisho kurudi ya kwanza. Ukisoma kwenda mbele, akili inasoma ilichokusudia na kosa linapita. Herufi za risasi nilizipanga upya nilipokosea. Jiwe halipangwi upya.

Mizani yako imetimia. Vina vimetimia. Lakini nilifunika jina kwa kidole gumba nikasoma tena, na sikujua ni nani aliyelala pale.

Mpe mama yako dawa hii ya miguu. Aichemshe, asiinywe.

Jamleck

—

Dagoretti,
16 Machi 2025

Kwa Guka,

Asante kwa dawa. Mama aliionja kabla sijamaliza kusoma barua yako, lakini hajambo.

Nilikaa na maneno yako wiki nzima. Ukweli ni kwamba yaliniuma kidogo. Jioni ya Jumamosi Mjomba alisoma shairi mbele ya wote, Mama akalia, Shangazi Janice akalia, na Mjomba akasema hakuna kubadilisha hata nukta. Nilitaka kuwaambia uliyosema, ila nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha. Shairi likaenda kwa fundi Mutie, yule mwenye karakana karibu na Dagoretti Corner. Amelibandika ukutani, maana jiwe letu jeusi bado halijafika. Nimempa maagizo yako yote na amesema, "Huyo babu yako angekuwa mkubwa wangu ningeacha kazi."

Hukunijibu kuhusu utoto wenu.

Waringa

—

Dagoretti,
18 Mei 2025

Guka,

Ni miezi miwili sasa na hujaandika. Mama anasema ni msimu wa kupanda. Salamu za wote, ndama ameuzwa, mvua ni nyingi. Nisamehe salamu ni fupi, kuna jambo.

Jana nilipita kwa Mutie kuuliza kama jiwe letu limefika. Uani palikuwa na jiwe jeusi limeegemezwa ukutani, limefungwa blanketi nusu, tayari kupakiwa lori la kwenda Siaya. Nikaona neno *sokoni*. Nikavuta blanketi.

Ni shairi langu, Guka. Lote, mistari minane mifupi, imekatwa kwenye kituo kama ulivyoagiza. Juu kuna jina Phoebe. Na mstari wa kwanza unasema: *Amelala Mama Phoebe, mja mwema wa sokoni.*

Nilihisi kama mtu amenivua nguo barabarani. Kitu cha kwanza nilichofanya, sijui kwa nini, ni kuhesabu kwa vidole. Ma-ma-Phoe-be. Vi-rgi-ni-a. Nne na nne. Imeenea kama kifuniko cha sufuria.

Mutie alikuwa ndani anapulizia mchanga jiwe lingine. Nilingoja mtambo unyamaze, akatoka mweupe kwa vumbi kama mzuka. Nikamwonyesha kwa kidole tu. Hakuona haya hata kidogo.

"Ah, hiyo? Huyo binti alikuja hapa kutafuta maneno. Nikampa kitabu changu cha mifano, hakutaka. Akaona karatasi yako ukutani. Akasoma, akalia, akasema, 'Huyu ni mama yangu.' Sasa mteja akilia mbele ya karatasi, mimi nimuulize karatasi ni ya nani?"

"Ni ya Cucu yangu."

"Yenu iko pale pale ukutani, siku yoyote nakata. Maneno hayaishi, msichana. Ningefanyaje?"

"Futa."

Alicheka, si kwa ubaya. Akanishika mkono akanipeleka kwenye jiwe, akaweka ncha ya kidole changu ndani ya herufi A. Kidole kiliingia. Akanieleza: anabandika karatasi ya plastiki juu ya jiwe, herufi zimekatwa matundu, kisha mchanga unapigwa kwa upepo mkali, na pale penye tundu jiwe linaliwa. Kufuta maana yake ni kusaga uso wote wa jiwe mpaka ufike chini ya herufi, halafu kung'arisha upya. "Na hilo jiwe si langu tena," akasema.

Guka, Phoebe huyo namjua. Alikuwa anauza omena mkabala na kibanda cha Cucu. Cucu alikuwa akilalamika kila siku kwamba njahi zake, yale maharagwe meusi, zinanuka samaki. Walikuwa hawasalimiani! Sasa wanalala chini ya maneno mamoja. Mjomba akijua atapasuka. Nifanye nini?

Waringa

—

Njabini,
25 Mei 2025

Waringa,

Nilikuwa nikipanda. Hiyo si sababu, lakini ndiyo niliyo nayo.

Mizani imetimia, kina kimekufa. Virginia, aliipania, alikusudia, ametangulia. Sasa soma Phoebe, aliipania. Mlango wa kwanza umeng'oka bawaba. Watu wa huko Siaya hawatajua ni kwa nini mstari unawakwaza, ila utawakwaza. Hilo ni jambo la kusikitikia, kwa ajili ya Phoebe.

Hukuibiwa. Uliacha mlango wazi.

Jamleck

—

Dagoretti,
8 Juni 2025

Kwa Guka,

Sote tu wazima, asante Mungu. Barua yako niliisoma nikaichana, halafu nikaunganisha vipande kwa gundi ili niisome tena.

Niliamua kwenda mwenyewe. Binti wa Phoebe anaitwa Veronicah, anafanya kazi katika ofisi ya bima huko Hurlingham. Mutie alinielekeza jengo. Nilizunguka kituo cha mafuta cha karibu mara kadhaa kabla miguu haijakubali. Niliandaa hotuba: shairi ni letu, jiwe lirudishwe, lisagwe.

Alitoka na kikombe cha chai, akanipa mimi. Nikasema jambo langu, nusunusu. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Woi! Mimi sikujua ni ya mtu. Nilidhani ni ya fundi. Jiwe limeshafika nyumbani, juzi limesimikwa."

Akanivuta kando watu wapite. Kisha akasema kwa upole, na ni huo upole ulionimaliza, "Lakini niambie, mdogo wangu. Mama yangu alikuwa mwema sokoni. Hakuchoka maisha yake yote. Alisaidia jirani na mgeni. Kuna uongo gani pale? Wako alikuwa tofauti vipi?"

Guka, nilitafuta cha kutaja. Cucu alinilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, nilikula maharagwe yake miaka kumi na minane, na sikuweza kutaja kitu kimoja ambacho Phoebe hakuwa nacho. Nilijua alikuwa mwenye imani, mchapakazi, mpole. Veronicah alitikisa kichwa: "Wangu pia."

Nililia ngazi zote mpaka chini.

Sasa nakuuliza mara ya tatu. Alikuwaje? Nipe kitu kimoja tu. Mutie amesema jiwe letu limefika na Mjomba anamsukuma akate karatasi ile ile.

Waringa

—

Dagoretti,
29 Juni 2025

Kwa Guka Jamleck,

Hujajibu, na naona hutajibu. Sikulaumu. Nimeenda kutafuta mahali pengine, na niliyoyaona sijui kama nikueleze au nikuulize.

Kibanda cha Cucu sasa kina mama anayeitwa Everlyn, ambaye alikuwa akimsaidia kupembua. Nilimwomba nikae kwenye kiti cha Cucu nichague mawe kwenye njahi. Siku ya kwanza sikuona kitu zaidi ya mawe. Siku ya pili akaja mwanamume, akasimama mbali kidogo, ng'ambo ya mama anayeuza nyanya. Akainua mkono. Vidole viwili, ngumi, akavuta ndewe ya sikio. Everlyn naye akainua: vidole vitatu, kisha ngumi. Mwanamume akatikisa kichwa, akavuta ndewe yake mara mbili. Everlyn akacheka, akajaza gorogoro, lile kopo la kupimia, mpaka njahi zikamwagika kando, akamfungia.

Nikamuuliza, huyu ni nani?

"Mteja wa nyanya yako. Hasikii. Wako wengi, wanatoka mpaka Kawangware na Kangemi. Kwingine wanaandika bei kwenye simu au wanaibiwa. Hapa wanaongea."

"Hiyo lugha ya vidole ni ya shule?"

"Ya shule wanayo yao. Hii ni ya Virginia. Alitufundisha sisi sote kwenye mstari huu. Ngumi ni mia. Kuvuta sikio ni 'punguza'. Kuvuta mara mbili ni 'punguza, na Mungu anakuona.'" Mama wa nyanya akaangua kicheko akapaza sauti, "Mwambie vile yeye na Phoebe walikuwa wakitukanana!"

Kumbe hiyo ndiyo sababu hatukuwasikia wakisalimiana, Guka! Walikuwa wakigombana kwa mikono, ng'ambo hadi ng'ambo ya kichochoro, siku nzima, bila sauti, ili wateja wasijue. Phoebe alikuwa akiziba pua na kuonyesha maharagwe, kumaanisha ni yale yanayonuka. Everlyn anasema Phoebe alipougua, ni Cucu aliyemshikia kibanda akauza omena, huku ameziba pua.

Nilishtuka mpaka nikaacha kupembua. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimletea chakula cha mchana, nikainamisha kichwa kwa haya, nikaondoka haraka. Sikuwahi kuinua macho nione mikono yake.

Na jioni kuna kitu kingine. Saa ya kufunga, hakuna anayetangaza. Wa kwanza kumaliza anamgonga jirani yake kifundo cha mkono kwa vidole viwili, hivi, tap tap. Naye anamgonga anayefuata. Inapita mstari mzima mpaka mwisho. Everlyn alinigonga mimi. Nikamuuliza maana yake, akasema, "Basi, twende nyumbani. Nayo ni ya Virginia."

Guka, wewe ndiye mtu wa kwanza asiyesikia aliyemjua. Je, ni wewe uliyeianza naye lugha hii?

Nimeandika upya:

*Huyu ndiye Virginia, muuza njahi sokoni,*
*Bei alihesabia vidole vyake hewani,*
*Asiyeweza sikia alimwita kibandani;*
*Ukipita hii njia, salamu ni mkononi.*

Nilimsomea Mjomba, kwa sauti, nimesimama. Alikasirika. "Vidole kaburini? Watu watadhani mama yangu alikuwa bubu! Ile ya kwanza ilikuwa na heshima." Nikamwambia kuhusu jiwe la Phoebe. Alikaa chini kama aliyepigwa rungu. Lakini bado anakataa. Anasema atampa Mutie ruhusa ya kukata ile ya kwanza mwisho wa Julai, na Phoebe huko aliko ndiye aliyetuibia.

Waringa

—

Njabini,
13 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Barua yako ilifika nikiwa shambani. Niliisoma nimesimama kwenye matuta, kisha nikaketi juu ya viazi.

Nimefunika jina kwa kidole gumba. Nimemwona.

"Asiyeweza sikia" ni "asiyeweza kusikia" aliyekatwa mguu mmoja. Ushairi unaruhusu, usiogope. Mstari wa nne usiuguse kabisa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa. Mpe Wachira. Unaweza kuisoma kwanza, haina siri: "Mama yako alinisemesha kwa vidole kabla wewe hujazaliwa. Hakuwa bubu. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Kata la pili. Mjomba wako, Jamleck."

Umeniuliza kama ni mimi. Kuhusu ndewe na ngumi, ndiyo. Kuhusu vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sitaandika kitu leo. Nilidhani hiyo ilizikwa Agosti.

Nitakuja.

Jamleck

—

Dagoretti,
3 Agosti 2025

Kwa Guka,

Habari njema kwanza: miguu ya Mama imepungua uvimbe, na dawa safari hii hakuionja.

Mjomba aliisoma karatasi yako, akatoka nje, akasimama na ng'ombe muda mrefu. Aliporudi aliniambia tu, "Hiyo ya ndewe, nionyeshe." Nikamwonyesha.

Mutie alinipa karatasi ya plastiki kabla ya kupuliza mchanga. Niliisoma kutoka herufi ya mwisho mpaka ya kwanza, na ilikuwa vizuri nilifanya hivyo, maana alikuwa ameandika *vidole vyako*. Alisema, "Babu yako tena!" Akakata upya. Nilikaa pale mpaka mchanga ulipokwisha na rangi nyeupe ikajazwa ndani ya herufi. Karatasi ya kwanza niliitoa ukutani mwenyewe. Nimempelekea Veronicah, na chini nimemwandikia mstari wake wa kwanza upya, wenye kina. Rasimu ilikuwa: *Phoebe ametulia, mama omena sokoni.* Mizani ilipungua moja; nikaongeza "kwa Mungu" hapo mbele, ikazidi. Nikalirefusha jina badala yake: *Mama Phoebe katulia.* Nane kamili. Amesema ataomba jiwe lake lisagwe Krismasi wakienda nyumbani wote.

Tunakungoja.

Waringa

—

Njabini,
7 Septemba 2025

Mjukuu wangu Waringa,

Nilifika salama. Fuko walikula mstari mzima nilipokuwa kwenu. Mwambie Wachira asante kwa blanketi, na mama yako kwamba uji wake ulikuwa na chumvi.

Nilisema sitaandika, sasa naandika.

Nilipougua homa na masikio yakafunga, nilikuwa nikichunga mbuzi ng'ambo ya mto. Jioni mama yetu aliita na mimi sikusikia tena. Giza likanikuta huko. Usiku huo walinichapa, wakidhani nimekuwa mkaidi. Virginia peke yake ndiye aliyeelewa. Tangu siku ile alikuwa akivuka mto kila jioni, ananijia nyuma taratibu, ananigonga kifundo kwa vidole viwili. Baadaye tukaongeza vingine, ngumi, sikio, matusi pia. Lakini hicho kilikuwa cha kwanza, na kilikuwa chetu wawili. Alipokufa nilikaa na mkono wangu nikauangalia. Sikuweza kukujibu kwa sababu ningekujibu kwa lugha ambayo nilidhani imebaki na msemaji mmoja.

Halafu unaniandikia kwamba mstari mzima wa soko unagongana jioni.

Siku ile ya kufunua jiwe nilimwona mwanamke aliyevaa kiofisi akisoma. Mimi husoma midomo. Alisema, "Huyu ni wake." Nadhani ni Veronicah. Niliwaona wateja wa dada yangu waliosimama nyuma ya waimbaji ambao hawakuwasikia, na mikono yao yote ikiwa juu, kama jiwe linavyosema. Watu waliposimama kwenda kula, mimi nilibaki nimeketi pale na kidole changu ndani ya herufi. Mvua ilianza, nikaiona kwenye jiwe. Nilimwona Wachira mlangoni akipanua mdomo kuniita. Mtu mzima, bado anasahau. Sikutaka kuondoka.

Ndipo mtu akanijia nyuma taratibu, akanigonga kifundo kwa vidole viwili.

Sikugeuka mara moja, Waringa. Nisamehe kwa kukuacha unyeshewe. Nilitaka nikae kidogo bila kujua ni nani.

Jamleck